Chumvi ya juu, magadi ya chini: shamba moja la mpunga Pawaga, dawa mbili

*Shikamoo mtaalamu. Nina ekari mbili za mpunga Pawaga, Iringa, maji ni ya mfereji kutoka Ruaha Mdogo. Upande wa juu ardhi ikikauka inatoa unga mweupe. Kona ya chini, kama nusu ekari, haina unga, ila ni nyeusi, maji yanatuama wiki nzima na mpunga unadumaa. Vitunguu baada ya mpunga vilikufa kote. Nimepima udongo sentimita 20 za juu. Juu: pH 8.1, ECe 7.5, ESP 8. Chini: pH 9.2, ECe 3.1, ESP 28, CEC 25. Jirani ananiambia nifurike maji shamba zima chumvi ioshwe. Mwingine anasema nimwage chokaa. Nifanye lipi?*

Marahaba, ndugu yangu. Ushauri wa jirani unafaa upande wa juu, tena ukishachimba mtaro. Kona ya chini ukiifurika maji ya mto peke yake utaiharibu zaidi. Chokaa usimwage popote. Una magonjwa mawili katika shamba moja, na vipimo ulivyoleta vinayatenganisha vizuri.

ECe ni kipimo cha chumvi iliyoyeyuka kwenye maji ya udongo, kwa dS/m. Ikifika 4 na kuendelea, udongo huitwa wa chumvi. CEC ni jumla ya nafasi za chembe za mfinyanzi zinazoweza kushika madini kama kalsiamu na sodiamu, kwa vizio vya sentimoli kwa kilo ya udongo. ESP ni asilimia ya nafasi hizo zilizokaliwa na sodiamu. ESP ikizidi 15, udongo ni wa magadi, na mara nyingi pH yake hupita 8.5. Upande wako wa juu una chumvi nyingi lakini sodiamu iliyong'ang'ania mfinyanzi ni kidogo. Kona ya chini ni kinyume chake: chumvi iliyoyeyuka si nyingi, ila zaidi ya robo ya nafasi za mfinyanzi zimeshikwa na sodiamu. Weusi unaouona ni mboji iliyoyeyushwa na magadi, ikapanda na maji na kukaukia juu.

Tofauti hii ina maana kwa sababu ya tabia ya mfinyanzi. Vipande vyake ni vyembamba kama karatasi. Kalsiamu huvishikanisha vikawa mabonge madogo yenye matundu, na maji hupita humo. Sodiamu hujizungushia maji mengi na kuvisukuma mbali, basi vipande huachana, huelea, kisha huziba kila tundu. Lakini maji ya udongo yakiwa na chumvi ya kutosha, hata mfinyanzi wenye sodiamu hubaki umeshikana. Hapo ndipo ushauri wa kufurika unapogeuka hasara kwenye kona ya chini: maji matamu ya Ruaha Mdogo yataondoa ile chumvi kidogo inayoshikilia udongo, sodiamu itabaki palepale, na ardhi itajifunga kama sakafu. Msimu ujao maji yatatuama wiki tatu badala ya moja.

Jionee mwenyewe kwa glasi mbili. Chukua bonge kavu la udongo wa kona ya chini, ukubwa wa punje ya njegere, uliweke taratibu kwenye glasi ya maji ya mvua. Usikoroge wala kutikisa. Maji ya kisima hayafai, kwa kuwa chumvi yake itaficha ugonjwa. Ndani ya dakika kumi utaona ukungu unaanza kutoka kandokando ya bonge, na baada ya saa mbili maji ya chini yatakuwa kama chai ya maziwa. Huo ni mfinyanzi unaoachana. Glasi ya pili weka bonge la namna hiyohiyo, ila maji yake kwanza uyakoroge na nusu kijiko cha jasi ya unga. Bonge linaweza kumeguka, lakini maji yatabaki maangavu. Rudia kwa udongo wa upande wa juu na maji ya mvua peke yake: ukungu utakuwa hafifu au hautakuwepo. Kipimo hiki hakikupi namba, lakini kinakuonyesha kama jasi itafanya kazi kabla hujalipia lori.

Ilikotoka

Maji ya mto si mabaya. Hata hivyo hakuna maji ya mto yasiyo na chumvi kabisa. Tuseme EC yake, yaani kipimo cha chumvi cha maji yenyewe, ni 0.2, maji matamu kwelikweli. Kila lita elfu moja zina takriban gramu 130 za chumvi. Ekari moja ya mpunga ikinywa lita milioni nne kwa msimu, umeingiza zaidi ya nusu tani ya chumvi. Jua na mimea huondoa maji, chumvi hubaki. Shamba lenye njia ya kutolea maji huisukuma chini na nje. Shamba lisilo na njia huiweka akiba.

Halafu kuna ule utaratibu wa kupitisha maji jaruba kwa jaruba. La mwisho hupokea maji yaliyokwisha kuosha majaruba yote ya juu yake, ndiyo maana kona ya chini huwa ya kwanza kuugua. Na kwa nini hapo iwe magadi badala ya chumvi ya kawaida? Maji yanayotoka kwenye miamba kama ya nyanda zetu hubeba bikaboneti. Yakikaukia shambani, bikaboneti hukamata kalsiamu na kuigandisha kama chokaa ndani ya udongo, na sodiamu inabaki peke yake kwenye maji. Mwaka hadi mwaka inachukua nafasi kwenye mfinyanzi.

Jambo la tatu ni kina cha maji ya chini ya ardhi. Kwenye mfinyanzi, maji yakiwa kwenye kina kisichofika mita moja na nusu hivi, hupanda yenyewe kama mafuta kwenye utambi wa koroboi, yakafika juu yakakauka na kuacha unga mweupe. Kwa hiyo kabla ya lolote, chimba shimo la mita moja na nusu upande wa juu na lingine kwenye kona, tumbukiza bomba la plastiki lililotobolewa matundu, ufunike mdomo. Pima kina cha maji kila wiki. Yakisimama sentimita 60 kutoka juu, huwezi kuosha kitu. Utakuwa unaongeza maji kwenye ndoo iliyojaa.

Mtaro kwanza

Chimba mtaro wa kutolea maji kwenye mpaka wa chini, kina mita moja hadi moja na robo, wenye mteremko hadi kwenye mtaro mkuu wa skimu. Kuta zake zilaze, kwa sababu udongo wa magadi hubomoka ukisimama wima. Kama mtaro mkuu uko juu kuliko wako, au umeziba kwa matete, kazi hii si ya mtu mmoja: ipeleke kwenye umoja wa wamwagiliaji, maana maji yako ya chumvi lazima yapite mahali. Usiyaelekeze kwenye mfereji anaonyweshea mwenzako wa chini.

Sambamba na hapo, kila jaruba lipate mlango wake kutoka kwenye mfereji, ili maji yasipite tena jaruba kwa jaruba. Kwa kona yako, hili peke yake ni nusu ya tiba.

Upande wa juu: kuosha

Hapa unataka ECe ishuke kutoka 7.5 hadi 3, kiwango ambacho mpunga hauanzi kupungua mavuno. Kwa udongo wa mfinyanzi-tifutifu uliofurikwa mfululizo, hesabu inayotumika ni hii: gawa 0.3 kwa sehemu ya chumvi unayotaka ibaki, kisha zidisha kwa kina cha udongo. Wewe unataka ibaki 3 ÷ 7.5, yaani 0.4. Basi 0.3 ÷ 0.4 ni 0.75, na kwa kina cha sentimita 40 cha mizizi ya mpunga unapata sentimita 30 za maji.

Sentimita 30 hizo ni za maji yanayopita ndani ya udongo. Yanayokaushwa na jua hayahesabiwi, wala yanayomwagika juu ya tuta. Kwa hiyo fanya kazi hii mvua zikiwa zimekolea na mto umejaa, si Septemba kwenye jua kali na zamu za maji za kugombania. Sawazisha jaruba vizuri kwanza, maana kila kichuguu kinachotokeza juu ya maji huvuta chumvi ya pembeni yake ikajikusanya hapo. Weka sentimita 10, acha zizame zote, pumzisha siku mbili tatu, weka nyingine. Awamu tatu za namna hii huosha vizuri kuliko kufurika kwa mkupuo, kwa sababu wakati wa kupumzika chumvi iliyojificha ndani ya mabonge hutoka na kuingia kwenye matundu makubwa, maji yanayofuata yakaikuta njiani. Kwa sababu hiyo huenda ukafika kwenye 3 kabla ya kumaliza hizo sentimita 30.

Usichabange kabla ya kuosha. Kuchabanga, yaani kuuvuruga udongo ukiwa majini, hufunga matundu ambayo unayahitaji wakati huu.

Baada ya kila awamu rudia glasi ya maji ya mvua. ESP ya 8 ni salama, lakini haiko mbali sana na hatari, na maji ya mto ni matamu mno. Ukiona ukungu umeanza, simama, nyunyiza jasi mifuko minne mitano ya kilo 50 kwa ekari, ndipo uendelee.

Kona ya chini: jasi

Jasi ni kalsiamu na salfeti. Inayeyuka kwenye maji, kalsiamu yake inaisukuma sodiamu kutoka kwenye mfinyanzi, na sodiamu hiyo inaondoka na maji ikiwa salfeti ya sodiamu. Chokaa nayo ina kalsiamu, ila kwenye pH 9.2 haiyeyuki kiasi cha maana. Aliyekushauri chokaa pengine amewaona wakulima wa Njombe au Mbozi wakiitumia, na huko ni sahihi kabisa, kwa kuwa udongo wao ni wa tindikali. Wako uko upande wa pili wa kipimo.

Kiasi kinapatikana hivi. ESP ni 28, unataka ifike 10, tofauti ni asilimia 18. Asilimia 18 ya CEC 25 ni 4.5. Kila kizio kimoja cha sodiamu kwa kilo ya udongo kinahitaji gramu 0.86 za jasi safi, kwa hiyo kilo moja ya udongo wako inataka gramu 3.87. Nusu ekari ni mita za mraba 2,000 hivi. Kwa kina cha sentimita 20 ni mita za ujazo 400, na kwa uzito wa tani 1.4 kila mita ya ujazo unapata tani 560 za udongo. Zidisha: tani 2.2 za jasi safi. Jasi ya mgodini si safi. Tukichukua usafi wa asilimia 80 inakuwa tani 2.7. Ongeza robo kwa ajili ya kalsiamu itakayopita bila kufanya kazi, unafika tani 3.4.

Usishtuke. Mpunga huvumilia magadi kuliko mazao mengi na mizizi yake haiendi mbali, kwa hiyo nusu ya kiasi hicho hutosha kuanzia: tani 1.7, mifuko 34 ya kilo 50. Iliyobaki iamuliwe na kipimo cha mwaka unaofuata.

Hapa nchini jasi huchimbwa Makanya wilayani Same, Itigi mkoani Singida na Kilwa. Unaponunua, uliza usafi wake, na hakikisha imesagwa ikapita kwenye chekecheo la milimita 2. Mabonge makubwa yatakaa shambani miaka bila kuyeyuka. Unga wa jipsamu wa mafundi wa dari usiununue kwa kazi hii. Umechomwa, na ukilowa huganda kuwa mawe. Vipande vya mbao za jipsamu zilizobomolewa navyo viache, vina karatasi, rangi na vitu vingine usivyovijua.

Sawazisha jaruba, mwaga jasi sawasawa, kisha ichanganye kwa jembe au pawatila kwenye sentimita 10 za juu tu. Kosa linalotokea sana ni kuilimia chini sana. Ikizikwa kwa kina, ngozi ya juu inabaki na magadi yake, maji hayapenyi, na jasi yako inalala chini bila kuguswa. Kisha weka maji sentimita 10 na uyaache wiki nzima. Usiyatoe kwa juu, maana utamwaga kalsiamu uliyoilipia. Yazame.

Maji yanayohitajika nayo yanapigiwa hesabu. Lita moja huyeyusha takriban gramu 2.5 za jasi. Katika tani 1.7 kuna tani 1.36 za jasi halisi, zinazohitaji mita za ujazo 544, sawa na sentimita 27 za maji juu ya nusu ekari. Lakini udongo wa magadi unaweza kunywa milimita 3 tu kwa siku, na kwa mwendo huo sentimita 27 huchukua siku 90. Hiyo ndiyo sababu mpunga ni zao la kuponyea magadi: siku hizo 90 za kusubiri maji yapenye ni zilezile ambazo mpunga unasimama majini. Unapata gunia kadhaa huku udongo ukitibiwa, na mizizi yake inatoa hewa ukaa inayosaidia kuyeyusha ile chokaa iliyoganda ardhini.

Kwa hiyo baada ya wiki ya kwanza pandikiza. Tumia miche ya siku 30 hadi 35, mitatu au minne kwa shimo, kwa kuwa mche mchanga wa majani mawili matatu ndio unaokufa kirahisi. Kuna aina zilizotolewa nchini kwa ajili ya udongo wa chumvi, SATO 1 na SATO 6. Waulize TARI mbegu ilipo. Kwenye pH ya juu naitrojeni ya yurea hupotea hewani, basi tumia SA, uigawe mara tatu, na uongeze robo ya kiwango cha kawaida. Wiki mbili tatu baada ya kupandikiza chunguza majani ya chini. Yakiwa na madoa ya rangi ya kutu na mmea umesimama, ni upungufu wa zinki, ambao kwenye magadi ni jambo la kutarajia; ni bora uzuie mapema kwa kuweka kilo 5 za salfeti ya zinki kwenye nusu ekari wakati wa kuandaa jaruba.

Kuhusu vitunguu

Kufa kwake kulitabirika. Kitunguu huanza kupunguza mavuno ECe ikipita 1.2, na kila kizio kinachoongezeka huchukua asilimia 16. Kwenye 7.5 hesabu inafika sifuri. Maharage ni dhaifu zaidi: huanza kwenye 1.0 na hupoteza asilimia 19 kwa kila kizio. Mahindi huanza 1.7 na nyanya 2.5. Mpunga huanza 3.0 na hupoteza asilimia 12, kwa hiyo upande wako wa juu ulikuwa ukikunyima zaidi ya nusu ya mavuno hata bila vitunguu. Alizeti huanza 4.8 na hupoteza asilimia 5 tu, kwenye 7.5 ungepoteza kama asilimia 14. Mtama huanza 6.8, ungepoteza asilimia 11. Pamba huanza 7.7, nayo isingehisi kitu.

Namba hizi ni za chumvi, na ni za mmea uliokwisha kuota ukasimama. Usizitumie kwenye kona ya chini ukaona ECe 3.1 ukadhani nyanya zitakuwa karibu salama. Huko kinachoua ni kukosa hewa mizizini na ardhi kuwa ngumu.

Mpunga ukivunwa, usiache ardhi tupu hadi mvua zijazo. Miezi hiyo ya jua ndiyo inayorudisha chumvi juu. Upande wa juu panda alizeti au mtama kwa unyevu uliobaki, au tandaza mabua ya mpunga badala ya kuyachoma. Kona ya chini ichimbie samadi na mabua, tani mbili au zaidi kwa nusu ekari.

Chukua sampuli tena mahali palepale, sentimita 0 hadi 20 na 20 hadi 40, kabla ya msimu wa pili. Waulize maabara kama EC waliyokupa ni ya udongo uliolowekwa hadi kushiba, yaani ECe, au ya udongo uliochanganywa na maji mengi. Hiyo ya pili hutoka ndogo mara kadhaa, na mkulima akiilinganisha na namba za mazao nilizotaja hapa atadhani shamba limepona. Kona ya chini ikisoma ESP 15 au pungufu na glasi haina ukungu, ile mifuko mingine 34 usinunue; endelea na mpunga na samadi. Ikibaki juu ya 15 na kina cha maji kwenye bomba kimeshuka chini ya mita moja, weka nusu ya pili. Ikibaki juu na bomba linaonyesha maji yako sentimita 50, pesa ya jasi ipeleke kwenye mtaro.